Maikroni 30 au 74: Daraja la 7 na la 9 kwenye Nyumba ya Beringi

Beringi namba 6208 inajulikana kwa karibu kila muuza vipuri. Kipenyo chake cha nje ni milimita 80, tundu lake la ndani ni milimita 40, na upana wake ni milimita 18. Iwe imetoka Japani, Uswidi au China, vipimo hivyo ni vilevile, ndiyo maana fundi wa mashine ya kusaga nafaka hutoa kuukuu na kuingiza mpya bila kujali chapa. Shida huanza pale nyumba ya chuma inayoishika beringi hiyo inapolika au kupasuka. Nyumba hiyo mara nyingi haipatikani dukani. Hupelekwa karakana, na fundi wa kukereza huambiwa achonge tundu la milimita 80.

Agizo hilo halijakamilika, kwa sababu hakuna mashine inayochonga milimita 80 kamili. Leo tundu litatoka 80.01, kesho 80.04, kesho kutwa 79.99, hata kama fundi na mashine ni walewale. Kinachohitajika ni kukubaliana mapema: tundu likizidi kiasi gani bado linafaa, na likizidi kiasi gani ni la kukataliwa? Wahandisi duniani wamekwisha kubaliana jibu, nalo limeandikwa katika jedwali moja ambalo mtu yeyote anayejua kusoma namba anaweza kulitumia.

Kwenye mchoro wa nyumba ya 6208 agizo kamili huandikwa hivi: 80 H7. Alama hiyo ina sehemu tatu. Namba 80 ni kipimo cha msingi kwa milimita. Herufi H huonyesha ruhusa ya kukosea inaanzia wapi. Herufi kubwa ni za matundu, ndogo ni za shafti, na H maana yake ni kwamba ruhusa inaanzia kwenye 80 kamili na kwenda juu, kamwe si chini. Ile 7 ya mwisho ni daraja, nayo ndiyo inayosema upana wa ruhusa hiyo. Badala ya H7 mtu angeweza kuandika H9, na mwanzo ungebaki palepale kwenye 80. Kingebadilika ni umbali ambao tundu linaruhusiwa kupanuka kabla ya kuhesabiwa kuwa bovu.

Jedwali lenyewe limo katika kiwango cha ISO 286-1 cha Shirika la Kimataifa la Viwango, na toleo lake la 2010 ndilo lililochukua nafasi ya lile la 1988. Limejaa pia katika vitabu vya mafundi na katalogi za watengenezaji wa beringi. Upande wa kushoto kuna makundi ya vipimo vya msingi: zaidi ya 30 mpaka 50, zaidi ya 50 mpaka 80, zaidi ya 80 mpaka 120, na kuendelea. Juu kuna madaraja 20, kuanzia IT01 na IT0 kwa geji na vifaa vya kupimia, kisha IT1 mpaka IT18 kwa kazi zinazozidi kuwa za kawaida. Msomaji hutafuta mstari wa kipimo chake, hutelezesha kidole mpaka safu ya daraja lake, na pale vinapokutana husoma upana.

Kipimo cha 80 kina mtego hapo hapo, kwa kuwa kinaonekana katika mistari miwili. Kimoja kinaishia na 80, kingine kinaanza na 80. Maneno madogo ya jedwali ndiyo yanayoamua: mstari wa kwanza ni “zaidi ya 50 mpaka 80”, na 80 yenyewe imo. Mstari wa pili ni “zaidi ya 80”, kwa hiyo 80 kamili haimo. Jibu sahihi ni maikroni 30 kwa daraja la 7 na maikroni 74 kwa daraja la 9. Aliyeteleza mstari mmoja chini atasoma 35 na 87, kisha atapokea tundu la 80.033 akidhani ni zuri, ilhali limepitiliza.

Mtego wa pili ni alama ya desimali. Jedwali huandika upana wa madaraja haya kwa maikroni, yaani sehemu za elfu moja za milimita, lakini mashine na maikromita husomwa kwa milimita. Maikroni 30 ni milimita 0.030. Anayeandika 0.30 ameongeza ruhusa mara kumi, na kwa kipimo hiki milimita 0.30 ni daraja la 12. Kwa sifuri moja iliyoachwa, kazi imeshuka madaraja matano, na fundi aliyeifuata karatasi hiyo hana kosa lolote.

Namba za jedwali hazikuokotwa. Zinatokana na kipimo kidogo kiitwacho i, ambacho hukokotolewa kwa kila kundi la vipimo mpaka milimita 500:

```
i   = 0.45 × ∛D + 0.001 × D
IT7 = 16 × i
IT9 = 40 × i
```

D ni wastani wa kundi kwa milimita, unaopatikana kwa kuzidisha mwanzo na mwisho wa kundi kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa kundi la 50 mpaka 80, D ni kama 63.25, na i hutoka maikroni 1.86 hivi. Zidisha kwa 16, unapata karibu 30. Zidisha kwa 40, unapata karibu 74. Kipeuo cha tatu kimewekwa pale kwa sababu kitu kikubwa ni vigumu zaidi kukichonga kwa usahihi kuliko kidogo, lakini ugumu huo hauongezeki kwa kasi ya ukubwa wenyewe. Kile kipande cha mwisho, 0.001 × D, kinafidia makosa ya upimaji na ya joto, ambayo hukua sambamba na ukubwa.

Fomula hiyo inampa msomaji njia rahisi ya kujikagua. Kwa kuwa 40 ni mara mbili na nusu ya 16, daraja la 9 huwa karibu mara mbili na nusu ya daraja la 7 katika mistari yote ya jedwali. Kwa vipimo vya zaidi ya 10 mpaka 18 upana ni 18 na 43. Kwa zaidi ya 30 mpaka 50 ni 25 na 62. Hata kwenye zaidi ya 400 mpaka 500, ambako ni 63 na 155, uwiano ni uleule. Namba mbili ulizozisoma zikikataa uwiano huo, kidole kimepotea mstari.

Sasa turudi kwenye nyumba ya mashine ya kusaga tuone tofauti hiyo inafanya nini. Beringi nayo ina ruhusa yake. Ringi ya nje ya 6208 ya kawaida huruhusiwa kuwa kati ya 79.987 na 80.000, yaani haizidi 80 na haipungui zaidi ya maikroni 13. Tundu la 80 H7 liko kati ya 80.000 na 80.030. Beringi kubwa kabisa ikikutana na tundu dogo kabisa, hakuna nafasi inayobaki, na ringi huingia kwa kusukumwa kwa mkono au kugongwa kidogo. Beringi ndogo kabisa ikikutana na tundu kubwa kabisa, nafasi ni 30 kujumlisha 13, yaani maikroni 43.

Kwa 80 H9 tundu huweza kufika 80.074, na nafasi kubwa inakuwa maikroni 87. Hiyo inazidi kidogo unene wa unywele wa binadamu. Ukiishika mkononi beringi iliyokaa ndani ya nyumba kama hiyo huenda usihisi chochote. Mashine ndiyo itakayohisi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nafasi isiondolewe kabisa. Sababu ni joto la shafti. Shafti ya chuma ya nusu mita ikipata nyuzi 40 zaidi ya fremu inayoibeba, hurefuka karibu robo ya milimita. Kati ya beringi mbili zinazoishika, moja lazima iweze kuteleza ndani ya nyumba yake kuufuata urefu huo, la sivyo zote mbili zitasukumana mpaka ziungue. Ndiyo maana kwa nyumba za kawaida, ambamo shafti huzunguka na mzigo unaelemea upande mmoja, katalogi za beringi hupendekeza H7: ringi ya nje iweze kuteleza, lakini isipate uwanja wa kuchezea.

Katika nyumba ya H9 iliyotoka upande mkubwa, ringi hulala kwenye ukanda mwembamba wa chini tu. Mzigo wote hukaa hapo, na kila mpira wa beringi unapopita, ringi hujipinda kidogo na kusogea. Mwendo huo ni mdogo mno, lakini mashine inazunguka mara nyingi kwa dakika, na baada ya muda ringi nzima inazunguka polepole ndani ya nyumba. Chuma husaga chuma, na tundu lililoanza na 80.070 huendelea kupanuka.

Dalili zake husomeka vizuri beringi inapotolewa. Mgongo wa ringi ya nje, ambao hutoka kiwandani na mng’ao sawia, unakuwa na mabaka yaliyosuguliwa kama kioo. Kandokando yake kuna vumbi la rangi ya kutu nyekundu au kahawia, ijapokuwa maji hayakuingia. Ni unga wa chuma uliosuguliwa ukashika oksijeni. Grisi imekuwa nyeusi. Kabla ya hapo mwenye mashine alikuwa amesikia mngurumo ukiongezeka na kuona nyumba ikipata joto, akabadilisha beringi. Beringi mpya nayo haikudumu, maana kilicholika ni nyumba.

Dawa inayozoeleka katika karakana nyingi ni kuchukua senta panchi na kupiga vidoto vingi ndani ya tundu ili vinundu vinavyoinuka viishike ringi. Inashika, lakini kwa muda mfupi. Ringi sasa inakaa juu ya vilele vichache vya chuma badala ya uso mzima, na vilele hivyo husagika haraka. Zaidi ya hapo, hakuna anayehakikisha kwamba vimelingana kimo, hivyo beringi hukaa upande na kulika bila mpangilio. Njia ya kudumu ni kulipanua tundu, kuingiza bushi ya chuma kwa kukaza, kisha kuichonga bushi hiyo ifikie 80 H7.

Daraja la 7 lenyewe lina mpaka wake. Kwenye kinu cha nyundo, nyundo zikilika bila kulingana uzito, mzigo hauelemei tena upande mmoja. Unazunguka pamoja na shafti na kuisukuma ringi ya nje kutoka kila upande, nayo inaweza kuzunguka hata katika tundu zuri la H7. Hapo kinachobadilishwa ni herufi, si daraja. Tundu la 80 M7, kwa mfano, huwa kati ya 79.970 na 80.000, kwa hiyo linabana. Upana wake ni uleule wa maikroni 30, ila umehamia chini ya 80. Anayekumbana na tatizo hili aanze kwa kupima nyundo kwenye mizani.

Kuchonga daraja la 7 kunadai utulivu kuliko kuchonga la 9, na sababu moja kubwa ni joto la kazi yenyewe. Tuseme nyumba ya chuma cha kusubu imetoka kuchongwa, na ina nyuzi 30 zaidi ya hewa ya karakana. Kwa kila nyuzi moja, chuma hicho hutanuka karibu sehemu 11 kwa milioni. Tundu la milimita 80 linakuwa limetanuka maikroni 26. Fundi akilipima likiwa moto kwa kifaa kilichopoa, na likasoma 80.020, atafurahi kwamba amepatia katikati. Likipoa litakuwa 79.994, na beringi itagoma kuingia, au itaingia kwa nguvu na kubanwa mpaka mipira yake ikose nafasi. Kwa mtu wa daraja la 9 maikroni hizo 26 ni theluthi ya ruhusa yake. Kwa mtu wa daraja la 7 ni karibu ruhusa yote.

Kwa mkataba wa kimataifa, vipimo vyote vya michoro huhesabiwa kwa nyuzi joto 20. Karakana ya Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi iko juu ya 30, lakini hilo pekee halimkwamishi fundi: nyumba ya chuma, beringi ya chuma na maikromita ya chuma zikiwa zimelala chumba kimoja, zote zinatanuka karibu sawa na tofauti hufutika. Hatari ni kupima kitu kimoja kikiwa moto na kingine kikiwa baridi, au nyumba inapokuwa ya alumini, ambayo hutanuka kama mara mbili ya chuma.

Kisha kuna kifaa cha kupimia. Kalipa ya vernia inayosoma kwa hatua ya milimita 0.02 haiwezi kuhukumu ruhusa ya 0.030, maana hatua yake moja imekula theluthi mbili za upana. Inafaa kumwongoza fundi wakati wa kupunguza chuma kingi, na baada ya hapo iwekwe chini. Kazi ya mwisho hupimwa kwa geji ya saa ya ndani ya tundu, iliyowekwa sawa kwanza kwa maikromita au kwa ringi ya kipimo kinachojulikana. Tundu hupimwa pande mbili zinazokatana, kisha karibu na mdomo na karibu na mwisho, kwa sababu tundu linaweza kuwa la yai au kuwa pana mbele na jembamba nyuma. Karakana inayotengeneza nyumba nyingi za aina moja hutumia geji ya ncha mbili: ncha ya 80.000 lazima ipite, ya 80.030 isipite.

Yote hayo yanagharimu muda, na gharama hiyo haina maana pale ambapo daraja la 9 linatosha. Shafti ileile ya milimita 40 inaonyesha mfano. Puli yake hufungwa kwa kii yenye upana wa milimita 12, na kiwango cha kii hizo huagiza daraja la 9: kii yenyewe ni 12 h9, na mfereji wake kwenye shafti ni 12 N9 kwa mkao wa kawaida. Kwa kipimo cha 12, daraja la 9 ni maikroni 43. Kii haizunguki ndani ya kitu chochote wala haibebi mipira. Hubanwa mbavuni na kusukumwa, na fundi anaweza kuisugua kwa tupa mpaka ikae. Kudai daraja la 7 hapo, yaani maikroni 18, ni kumlipa fundi kwa usahihi ambao mashine haitautumia.

Mfano wa pili unashangaza zaidi, kwa kuwa unahusu beringi yenyewe. Kuna beringi zenye tundu la mteremko ambazo hukaa juu ya bushi iliyopasuliwa upande mmoja. Nati ikikazwa, bushi huvutwa ndani ya mteremko na kuibana shafti. Kwa mpangilio huo katalogi huruhusu shafti ya h9. Shafti ya milimita 40 inaweza kuwa popote kati ya 39.938 na 40.000, maikroni 62 nzima, na bushi itazimeza kwa kukazwa zaidi au kidogo. Lakini katalogi hizohizo huongeza sharti: umbo la shafti, yaani uduara na unyoofu wake, lisipotoke kuliko nusu ya daraja la 5, ambayo hapa ni kama maikroni tano na nusu. Bushi inaweza kufidia shafti nyembamba. Haiwezi kufidia shafti iliyo yai. Daraja kwenye mchoro linatawala ukubwa, na umbo linahitaji agizo lake.

Kwa hiyo katika mashine moja madaraja yote mawili yana kazi. Pale ringi inapokaa moja kwa moja ndani ya tundu, bila kitu cha kufidia nafasi, ni daraja la 7. Pale panapokuwa na kitu kinachokaza, kinachosuguliwa au kinachojipatanisha chenyewe, la 9 linatosha.

Mwenye mashine anayepeleka nyumba ya 6208 kuchongwa na aandike kwenye karatasi namba ya beringi, alama 80 H7, na chini yake mipaka yenyewe kwa milimita: 80.000 mpaka 80.030. Aiache beringi mpya karakana pamoja na nyumba. Asipokee kazi ikiwa bado na joto, na kabla ya kulipa aombe tundu lipimwe mbele yake kwa geji ya ndani, pande mbili, mdomoni na mwishoni.